Ukurasa ni Wako, Funguo Ziko kwa Nani?

Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo wa Mtawanya, Mkoa wa Mtwara, kuhusu usimamizi wa kurasa za biashara mtandaoni

  

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mara nyingi sisi watumishi wa umma tunapokuja kuzungumza nanyi, tunazungumza juu ya makosa ya watu wengine. Leo nitazungumza juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na aliyeumia ni shangazi yangu.

Shangazi anaishi Mikindani. Kwa miaka mingi amekuwa akibangua korosho, akizikaanga na kuzifunga kwenye mifuko ya nusu kilo na ya kilo moja, kisha akizituma kwa mabasi kwa wateja wa Dar es Salaam na Dodoma. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilimfungulia ukurasa wa Facebook. Nilipiga picha, nikaandika bei, nikaweka namba ya simu ya kuagizia. Ukurasa ulikua. Wateja wapya wakaanza kumfikia kwa njia hiyo, na shangazi akawa anasema mbele ya watu kwamba duka lake la pili liko mkononi mwa mpwa wake.

Maneno yake yalikuwa ya kweli kuliko yeye na mimi tulivyotambua. Nilipomaliza masomo na kupata kazi, sikuwa tena na muda wa kujibu wateja. Hatukugombana wala hatukuagana rasmi. Niliacha tu kidogo kidogo. Kisha simu yangu ikaibiwa. Laini nilichelewa kuirudisha, na hatimaye nikachukua namba nyingine. Barua pepe niliyoifungulia wasifu wangu wa Facebook nilikuwa nimesahau neno lake la siri, na namba ya kuirejesha ilikuwa ni ile ile iliyopotea. Nikafungua wasifu mpya, nikaendelea na maisha yangu.

Msimu wa korosho ulipofika, shangazi akanipigia simu. Ukurasa wake ulikuwa bado unaonekana kwa kila mtu, picha zile zile, bei za miaka miwili nyuma, lakini hakuna aliyeweza kubadilisha herufi moja. Ujumbe wa wateja ulikuwa ukiingia na hakuna wa kuusoma. Jambo lililomwogopesha zaidi ni kwamba mteja mmoja wa Dodoma alipiga namba iliyoandikwa pale, ikapokewa na mtu asiyemjua. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Tulimshukuru Mungu kwamba mgeni yule alikuwa mwaminifu, akasema yeye hauzi korosho. Angekuwa mtu mwingine, angesema, tuma malipo ya awali.

Shangazi hakunilaumu sana. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, duka ni langu, lakini ufunguo uliuweka mfukoni mwako." Nimekuja kuwaeleza maana ya maneno hayo, kwa sababu kila mmoja wenu mwenye ukurasa uliofunguliwa na kijana, mpwa, mwajiriwa au fundi wa kulipwa, yuko karibu na mahali alipokuwa shangazi.

Ukurasa hauna mlango wake

Watu wengi hudhani kwamba ukurasa wa Facebook una jina lake na neno lake la siri, kama akaunti ya benki ilivyo na namba yake. Sivyo. Ukurasa hauna mlango wake wenyewe. Huingiwa kupitia wasifu wa mtu binafsi. Mtu huingia kwanza kwenye wasifu wake, kwa neno lake la siri, ndipo anapoufikia ukurasa aliopewa ruhusa ya kuusimamia.

Hapo ndipo penye chimbuko la matatizo mengi. Mwenye biashara anaweza kuwa amelipia kazi yote, picha zikawa za bidhaa zake na jina likawa lake, lakini kama wasifu wake hauko katika orodha ya wasimamizi, mbele ya mfumo yeye ni mpita njia kama wengine. Mfumo haumwulizi mtu nani alilipa au nani alitunga jina. Huangalia tu kama wasifu huu umeandikwa katika orodha, na umeandikwa kwa ruhusa ya kiwango gani.

Viwango vya ruhusa vilivyo muhimu kwenu ni viwili. Cha kwanza ni udhibiti kamili, ambao kwenye skrini ya Kiingereza huandikwa `full control`. Mwenye udhibiti kamili anaweza kufanya kila kitu: kuweka matangazo, kujibu ujumbe, kubadilisha jina na namba ya simu, kuongeza wasimamizi, kuwaondoa na hata kuufuta ukurasa wote. Naomba mlisikie neno hili vizuri: anaweza kumwondoa msimamizi mwingine yeyote, hata yule aliyeufungua ukurasa. Wawili wenye udhibiti kamili wako sawa. Hakuna mkubwa kati yao, na anayewahi kumwondoa mwenzake ndiye anayebaki ndani.

Cha pili ni udhibiti wa sehemu, unaoandikwa `partial control`. Mwenye ruhusa hii anaweza kuweka picha na matangazo, kujibu wateja, kufuta maoni ya matusi na kuona ni watu wangapi wamelitazama tangazo. Hawezi kumwongeza wala kumwondoa msimamizi, na hawezi kuufuta ukurasa.

Kuna pia ruhusa za kazi maalumu, kwa mfano kujibu ujumbe peke yake. Hizo zinawafaa zaidi wenye waajiriwa wengi, nami sitawachosha nazo leo.

Sasa niulize swali ambalo wengi wenu mnalo moyoni. Kijana anayeniwekea matangazo, je, ataweza kazi yake nikimpa udhibiti wa sehemu? Ataweza. Kazi zote za kila siku zimo ndani ya ruhusa hiyo. Fundi akikwambia kwamba hawezi kufanya kazi bila udhibiti kamili, mwombe akutajie ni kazi gani hasa inayomshinda. Mara nyingi utakuta ni kazi ya kubadilisha mipangilio, ambayo hufanywa mara moja kwa mwaka, na unaweza kuifanya wewe naye akiwa ameketi pembeni akikuelekeza.

Kuweka funguo mahali pake

Nichukue sasa mfano wa mama anayeuza samaki wakavu na korosho hapa hapa, mwenye kijana anayemlipa kila mwezi kwa kazi ya ukurasa. Ukurasa ulifunguliwa kwa wasifu wa kijana, na mama hayumo katika orodha. Bado wanaelewana. Afanye nini?

Kwanza, mama awe na wasifu wake mwenyewe wa Facebook, uliofunguliwa kwa namba yake na wenye jina lake halisi. Nasisitiza jina halisi kwa sababu siku ya tatizo mtandao unaweza kumtaka athibitishe kwa kitambulisho. Wasifu wenye jina la utani, au jina la duka, hauna kitambulisho cha kuuthibitisha.

Pili, kijana aingie kwenye ukurasa, afungue `Settings`, kisha `Page setup`, kisha `Page access`. Hapo ataona orodha yenye kichwa `People with Facebook access`. Atabonyeza `Add new`, ataandika jina la wasifu wa mama, na kabla ya kumaliza atawasha kitufe chenye maneno `Allow this person to have full control`. Kitufe hicho kisipowashwa, mama ataingia kwa udhibiti wa sehemu, naye atadhani amekuwa mmiliki kumbe amekuwa msaidizi wa msaidizi wake. Mtandao hupanga upya menyu zake mara kwa mara, kwa hiyo njia ya kufika hapo inaweza kubadilika kidogo. Kinachotafutwa ni orodha ya wenye ruhusa, popote ilipowekwa.

Tatu, mama apokee mwaliko kwenye simu yake na aukubali. Mwaliko usiokubaliwa haumpi mtu ruhusa yoyote. Kisha afungue ile orodha yeye mwenyewe, kwa simu yake, na ahakikishe kwamba jina lake linaonekana na kwamba ana udhibiti kamili. Asikubali kuoneshwa kwenye simu ya kijana.

Nne, aongeze mtu wa pili wa kumwamini mwenye udhibiti kamili: mume, binti, ndugu, au mshirika wa biashara. Hapa ndipo mimi na shangazi tulipokosea kabisa. Ukurasa wenye msimamizi mmoja tu hutegemea simu moja, namba moja na kumbukumbu ya mtu mmoja. Sikumfungia shangazi mlango kwa hila; niliibiwa simu tu. Hata mama akishika funguo zote peke yake, siku simu yake ikidondoka baharini akivuka kwenda Msangamkuu atakuwa amejifungia nje yeye mwenyewe. Watu wawili wenye udhibiti kamili wanatosha kwa biashara ndogo. Wakizidi watatu, uwezekano wa mmoja wao kuibiwa wasifu unakuwa mkubwa kuliko faida ya kuwa nao.

Tano, na hii ndiyo ya mwisho, kijana ashushwe kutoka udhibiti kamili hadi udhibiti wa sehemu. Hili lifanywe wakati wa amani. Mfumo wakati mwingine humtaka msimamizi mpya asubiri siku kadhaa, kwa kawaida wiki moja, kabla hajaweza kumwondoa au kumshusha msimamizi aliyemtangulia. Ndiyo maana anayeanza kushughulikia orodha siku ya ugomvi huwa amechelewa: yeye anasubiri, na mwenzake hana sababu ya kusubiri.

Wapo watakaoona haya kumwambia kijana jambo hili, wakihofia kwamba ataona hawaaminiki. Msimwambie kwamba humwamini. Mwambieni kwamba mnamlinda. Siku ukurasa ukiibiwa na matapeli wakaanza kuomba watu fedha kwa jina la duka, mtu wa kwanza kushukiwa ni yule mwenye udhibiti kamili. Kijana mwenye ruhusa ya sehemu ana mzigo mdogo wa kujieleza.

Mlango wa nyuma

Kuna njia nyingine ambayo fundi wa matangazo anaweza kuushika ukurasa, nayo haiko wazi kama ile orodha ya majina. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, imeweka mahali pa kusimamia mali za biashara kwa pamoja, panapofikiwa kwa anuani ya `business.facebook.com`. Pale mtu huunda kitu kinachoitwa `business portfolio`. Ifikirieni kama ghala: ndani yake huwekwa kurasa, akaunti za matangazo na majina ya wafanyakazi.

Fundi anayehudumia wateja wengi huwa na ghala lake, na hilo si kosa. Swali ni namna anavyouunganisha ukurasa wako na ghala hilo. Anaweza kuomba ruhusa ya kuutumia, nawe ukabaki mwenye mali. Au anaweza kuuingiza kama mali ya ghala lake. Ukurasa humilikiwa na ghala moja tu kwa wakati mmoja. Ukishaingizwa katika ghala la fundi kama mali yake, hata ukimwondoa yeye katika orodha ya majina, ghala lake bado lina mamlaka juu ya ukurasa, na wafanyakazi wake wanaweza kuingia kupitia humo.

Kwa hiyo, unapopokea ombi kwenye simu yako linalotaka uidhinishe jambo kuhusu ukurasa, usibonyeze kukubali kwa sababu tu fundi amekupigia simu akakuharakisha. Soma kama anaomba ruhusa ya kuutumia au anaomba kuumiliki. Kama huelewi Kiingereza cha pale, piga picha ya skrini umpelekee mtu unayemwamini. Njia salama zaidi ni wewe kuunda ghala lako mwenyewe, kuuweka ukurasa humo, kisha kumkaribisha fundi kama mshirika. Siku mkiachana unamwondoa mshirika, na ukurasa unabaki ghalani mwako.

Namba ya simu na barua pepe

WhatsApp na Instagram hazifanani na ukurasa wa Facebook. WhatsApp ya biashara imefungwa kwenye namba ya simu. Mwenye laini ndiye mwenye akaunti, kwa sababu msimbo wa tarakimu 6 wa kuifungua hutumwa kwenye namba hiyo.

Mnafahamu kwamba hapa nchini laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Basi jiulizeni: laini ya duka imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kama ni cha msaidizi, anaweza kwenda kwa wakala hata baada ya kuacha kazi, akasema laini imepotea na kupewa nyingine yenye namba ile ile, kwa sababu kumbukumbu zinaonesha kuwa ni yake. Hapo atakuwa na WhatsApp ya duka na wateja wote wa duka. Piga *106# kwenye simu yako uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya duka isipokuwamo, nenda na msaidizi huyo kwa mtoa huduma mkabadilishe umiliki wa laini mapema, wakati bado yupo na anakubali.

Msaidizi anaweza kutumia WhatsApp ya duka bila kuishika laini. Simu yenye laini ibaki kwako, na simu yake iunganishwe kama kifaa cha ziada kupitia `Linked devices`. Vifaa hivyo vinaweza kufika 4, na unaweza kukiondoa chochote kwa kubonyeza mara moja. Pia weka namba ya siri ya hatua ya pili kupitia `Two-step verification`, uijue wewe. Bila hiyo, mtu akiupata ule msimbo wa tarakimu 6 anaingia.

Instagram yenyewe huingiwa kwa neno la siri, na mara nyingi msaidizi na mwenye duka hutumia neno hilo hilo. Kwa hiyo usalama wake uko katika barua pepe na namba zilizoandikwa pale. Anayeshika barua pepe anaweza kusema amesahau neno la siri na kuletewa njia ya kuweka jingine. Na barua pepe nayo ina namba yake ya kuirejesha. Nimeona maduka yenye barua pepe ya jina la duka, mwenye duka akijivunia kuwa ni yake, kumbe namba ya kuirejesha ni ya kijana aliyeifungua. Fuateni mnyororo huo hadi mwisho wake: ukurasa, barua pepe, namba ya simu, kitambulisho. Pete moja ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, mnyororo wote uko mkononi mwake.

Siku ya kuagana

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni daftari la mali hii pia. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Andikeni ukurasa wa biashara unaitwaje, nani wana udhibiti kamili, nani ana udhibiti wa sehemu, barua pepe ni ipi, namba ya kuirejesha ni ya nani na laini ya duka imesajiliwa kwa nani. Maneno ya siri msiyaandike humo.

Katika daftari hilo hilo, au katika karatasi ya makubaliano, andikeni mistari mitatu ya kutiwa saini na pande zote mbili: kwamba ukurasa na namba ni mali ya biashara, kwamba msaidizi amepewa ruhusa kwa ajili ya kazi peke yake, na kwamba ruhusa hiyo inakoma siku kazi inapokwisha. Baadaye nitawaeleza kwa nini mstari wa tatu una uzito.

Siku msaidizi anapoondoka, mlipeni haki yake yote kwanza. Sisemi hivi kwa adabu tu. Migogoro mingi ya kurasa ni migogoro ya malipo iliyovaa nguo nyingine: kijana anadai mshahara wa miezi miwili, hana cha kushika, anashika ukurasa. Kisha, akiwa bado ameketi mbele yako, thibitisha kwamba wewe na mtu wako wa pili mnaweza kuingia. Baada ya hapo mwondoe katika orodha ya ukurasa, ondoa ghala lake kama lilikuwa mshirika, badilisha neno la siri la Instagram na la barua pepe, toa simu yake katika vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp, na angalia kama namba ya malipo iliyoandikwa katika ukurasa ni ya duka. Kazi hii haizidi nusu saa. Mpangilio huo una sababu yake: ukimwondoa kabla hujahakikisha ufunguo wako unafanya kazi, unaweza kugundua kwamba ulikuwa wa udhibiti wa sehemu, na aliyekuwa na uwezo wa kukusaidia ameshaondoka kwa hasira.

Kama umeshafungiwa nje

Nimalizie kwa walio katika hali hiyo sasa.

Anza kwa mazungumzo. Mtafute aliyeondoka kupitia mtu anayemheshimu, mzee au mwenyekiti wa kijiji, na mwombe akuongeze katika orodha kwa udhibiti kamili. Akikubali, jambo linakwisha kwa dakika tano. Hakuna ofisi yoyote inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa kasi hiyo.

Wakati mnazungumza, linda wateja. Watangazie kwa WhatsApp, kwa bango dukani na kwa wasifu wako kwamba ukurasa ule hauko tena chini yako na wasilipe fedha kwa namba iliyoandikwa pale. Mimi na shangazi hatukufanya hivyo mapema, na nimewaeleza nusura itokee nini.

Akikataa, iko sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kifungu cha 5 kinakwenda mbali zaidi, kinakataza mtu kubaki katika mfumo au kuendelea kuutumia baada ya muda aliopewa kwisha. Hapo ndipo ule mstari wa tatu unapofanya kazi. Msaidizi aliingia kwa idhini yako, kwa hiyo atasema hakuvunja mlango. Karatasi inayoonesha siku idhini ilipokoma ndiyo inayokupa cha kujibu. Nenda polisi na karatasi hiyo, risiti za malipo uliyomlipa, picha za skrini na nyaraka za usajili wa jina la biashara kutoka BRELA kama unazo. Nyaraka hizo hizo ndizo zitakazokusaidia ukipeleka malalamiko kwa kampuni yenye mtandao.

Lakini nisiwadanganye. Polisi na mahakama wanaweza kumwajibisha mkosaji; orodha ya wasimamizi iko kwenye mitambo ya kampuni iliyo nje ya nchi, na haibadiliki kwa sababu tu kesi imefunguliwa. Hata wakubwa hukwama hapo. Marekani, mwaka 2008, mwanamke aitwaye Stacey Mattocks alifungua ukurasa wa Facebook wa tamthilia ya televisheni aliyoipenda. Ukurasa ulivuka watu milioni 6. Kituo cha televisheni cha BET, kilichokuwa kikirusha tamthilia hiyo, kilimlipa ausimamie, na kikapewa nacho ruhusa ya juu. Mwaka 2012 walipokuwa wakijadiliana masharti ya kazi, Mattocks alikishusha kituo hicho hadi ngazi ya chini. Mtu mmoja, kwa simu au kompyuta yake, aliinyang'anya kampuni kubwa mamlaka juu ya ukurasa wa kipindi chake.

BET ilifanikiwa kuishawishi Facebook kuwahamishia wafuasi kwenye ukurasa wake rasmi, na mwaka 2014 mahakama ya Florida ikayakataa madai ya Mattocks, ikisema kwamba yule aliyebonyeza kupenda ukurasa anaweza kuacha kuupenda wakati wowote, hivyo alama hizo si mali ya mfungua ukurasa. Ninyi mtoe mafunzo mawili hapo. Kituo kilikuwa na nyaraka za umiliki wa jina pamoja na mawakili. Muuza korosho wa Mtawanya hana mawakili, basi awe walau na nyaraka. Na wafuasi si mali ya kuwekwa kabatini, bali ni watu. Ukiandika namba za wateja wako wa kudumu katika daftari lako, kwa ridhaa yao, hakuna anayeweza kukufungia nje ya hao.

Shangazi alilazimika kuanza upya. Ukurasa wake wa sasa una wasimamizi wawili wenye udhibiti kamili, yeye na binti yake. Mimi nimo pia, kwa udhibiti wa sehemu. Nilipomwomba anipandishe ili nimrekebishie jambo fulani, alicheka, akaniambia nimweleze jinsi ya kulifanya, atalifanya mwenyewe.

Ndugu zangu, kabla hamjaondoka hapa, nawaomba kila mwenye ukurasa afungue simu yake na atafute ile orodha ya wenye ruhusa. Nipo hapa na wenzangu hadi saa saba mchana. Anayeliona jina lake na udhibiti kamili, na aende kwa amani. Asiyeliona, aje tukae naye, ampigie kijana wake simu tukiwa pamoja.